Nani Atangulie Katika Barua Pepe ya Kifaransa?

Tuseme unaandika Kifaransa rasmi kwa mkurugenzi mwanamke, mkuu wa idara mwanamume na wenzako wawili, barua moja kwa wote. Salamu inashuka kwa ngazi: "Madame la Directrice, Monsieur le Chef de service, chers collègues,". Wenzako wote wakiwa wanawake, andika "chères collègues". Majina ya ukoo hayamo, kwa kuwa cheo kimeshika nafasi yake.

Kosa ninaloliona sana ni kumtanguliza mwanamke kila mara. Mwanamke hutangulia pale vyeo vinapolingana. Mkurugenzi akiwa mwanamume na mkuu wa idara mwanamke, anayeanza ni "Monsieur le Directeur". Waliowekwa kwenye nakala, yaani "Cc", hawasalimiwi kabisa. Wanapewa taarifa tu.

Ukifunga kwa kanuni ndefu ya heshima, mfano "Je vous prie d'agréer", rudia wahusika walewale kwa mpangilio uleule. Ukifunga kwa "Cordialement", ambayo ni nyepesi, hakuna wa kurudiwa. Basi kabla ya kutuma, linganisha mstari wa kwanza na wa mwisho.