Mlango unaouzwa kwa hasara

Tuseme karakana ya samani ina vitengo viwili. Mashine hula shilingi 1,600,000 za umeme, vipuri na uchakavu kwa saa 200 za kazi. Msasa na vanishi, 400,000 kwa saa 800. Mwenye karakana hujumlisha yote, akatoza kila kazi 2,000 kwa saa.

Mlango uliokaa saa 6 kwenye mashine na 2 kwenye msasa hubebeshwa 16,000. Kwa kiwango cha kila kitengo, yaani 8,000 na 500, ulistahili 49,000! Kiti cha saa 1 ya mashine na 7 za msasa nacho hubebeshwa 16,000 badala ya 11,500. Wateja wa milango humiminika, wa viti huhamia kwa jirani. Kiwango kimoja kingefaa iwapo kila kazi ingetumia saa 4 za msasa kwa kila 1 ya mashine.