Uandishi wa Tangazo: Duka Kufungwa kwa Ajili ya Kuhesabu Mali

Mtahiniwa, soma swali hili kwanza:

Wewe ni msimamizi wa duka la vifaa vya ujenzi. Duka litafungwa kwa siku tatu, kuanzia Jumatatu tarehe 29 Juni 2026, ili kuhesabu mali. Andika tangazo la kubandika mlangoni ukiwaeleza wateja lini duka litafunguliwa na namna ya kuwasiliana nawe.

Watahiniwa wengi huandika hivi:

TANGAZO
Tunawatangazia wateja wetu kuwa duka itafungwa kuanzia tarehe 29 hadi tarehe 1 kwa ajili ya kuhesabu mali. Kwa mawasiliano piga simu. Tunaomba radhi kwa usumbufu itakayojitokeza.

Tangazo hili ni fupi na lina lugha ya adabu, lakini litampotezea mteja siku yake. Mfikirie fundi aliyelipia mifuko 20 ya saruji na kupanga kumwaga zege siku ya Jumanne tarehe 30. Amewaita vibarua wanne, na mchanga na kokoto vimeshafika. Asipojua mapema kwamba Jumanne hatoi mzigo, vibarua watakaa bure na bado atawalipa. Unapoandika tangazo la aina hii, mwandikie mtu huyo. Ana maswali matatu: Mnafungua lini? Kwa nini mmefunga? Nikiwa na shida nifanye nini?

Siku ya kufungua

"Hadi tarehe 1" ina maana mbili. Mteja mmoja ataelewa kuwa tarehe 1 duka bado limefungwa, mwingine atafika asubuhi ya tarehe 1 na kukuta kufuli. Tena, tarehe 1 ya mwezi gani? Dawa yake ni kuitaja siku ya kufungua yenyewe, kwa jina la siku, tarehe, mwezi, mwaka na saa.

Hesabu kwa vidole kabla ya kuandika. Siku tatu kuanzia Jumatatu tarehe 29 Juni ni Jumatatu 29, Jumanne 30 na Jumatano tarehe 1 Julai, kwa kuwa Juni ina siku 30. Kwa hiyo duka litafunguliwa Alhamisi tarehe 2 Julai. Watahiniwa wengi husahau kuwa tarehe 29 yenyewe ni siku ya kwanza ya kufungwa, au husahau kuvuka mwezi. Jina la siku hukusaidia kujikagua: ukipata jina la siku lisilolingana na tarehe, umekosea mahali fulani.

Sababu ya kufunga

Sentensi moja inatosha, lakini ielewe ili usiandike jambo linalopingana nayo. Wakati wa kuhesabu mali, wafanyakazi hupita rafu kwa rafu na kuandika idadi ya kila bidhaa, kisha idadi hiyo hulinganishwa na daftari. Tuseme wamehesabu mifuko 120 ya saruji, halafu mteja akauziwa mitano kabla kazi haijaisha. Karatasi itasema 120 na stoo itakuwa na 115. Mwenye duka atadhani ameibiwa, au hesabu ya faida ya mwaka mzima itakuwa na kasoro. Ndiyo maana mlango hufungwa na mali haitoki.

Namna ya kumpata mwenye duka

"Piga simu" peke yake haimsaidii mteja. Taja namba, saa ambazo simu itapokelewa, na jambo ambalo mteja atasaidiwa. Hapa ndipo wengi hujipinga: wanaandika kuwa duka limefungwa kwa kuhesabu mali, kisha wanaahidi kuwapelekea wateja bidhaa nyumbani siku hizohizo. Tumeona kwamba mali haiwezi kutoka. Kinachowezekana ni kupokea oda na kujibu maswali, na bidhaa zitolewe baada ya kufungua. Mteja aliyekwisha kulipa apewe nafasi ya kuchukua mzigo wake kabla ya siku ya kufunga. Kwa sababu hiyo, tangazo hubandikwa mapema, si asubuhi ya kufunga.

Katika mtihani, tumia jina na namba ulizopewa kwenye swali. Kama hukupewa, buni. Usiandike jina lako wala simu yako halisi, kwa kuwa karatasi yako hutambulishwa na namba ya mtahiniwa tu.

Sasa tazama tangazo lilivyosahihishwa:

TANGAZO LA KUFUNGWA KWA DUKA

Wateja wetu mnatangaziwa kuwa duka litafungwa kwa siku tatu, kuanzia Jumatatu tarehe 29 Juni 2026, kwa ajili ya kuhesabu mali. Duka litafunguliwa Alhamisi tarehe 2 Julai 2026, saa 2:00 asubuhi.

Mteja aliyekwisha kulipia bidhaa anaombwa kuzichukua kabla ya saa 12:00 jioni, Jumamosi tarehe 27 Juni 2026.

Katika siku hizo tatu, oda na maswali yatapokelewa kwa simu namba 0700 000 000, kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni. Bidhaa zitaanza kutolewa siku ya kufungua.

Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza.

Limetolewa na:
Msimamizi wa Duka
20 Juni 2026

Sasa fundi wetu anaweza kupanga kazi. Akilisoma tarehe 22, atachukua saruji yake kabla ya Jumamosi jioni na kumwaga zege Jumanne kama alivyokusudia. Ona pia kuwa tangazo lina kichwa kinachotaja jambo lenyewe, halina salamu wala anwani kama barua, na lina tarehe ya kutolewa. Bila tarehe hiyo, mpita njia hawezi kujua kama karatasi iliyobaki mlangoni ni ya sasa au imesahaulika.

Kagua upatanisho wa kisarufi pia. Duka liko katika ngeli ya LI-YA, hivyo ni "duka litafungwa", si "itafungwa". Usumbufu huchukua kiambishi U, hivyo ni "usumbufu utakaojitokeza". Kwa kuwa mambo bado hayajatokea, tumia wakati ujao -ta-.

Duka likifungwa kwa sikukuu

Muundo ni uleule, ila kuna tahadhari moja. Krismasi ni tarehe 25 Desemba kila mwaka, lakini Idi hutegemea mwandamo wa mwezi, na mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30. Ukiandika "tutafungua siku ya tatu baada ya Idi", wateja watafika siku tofauti. Chagua tarehe ya kufungua itakayofaa hata mwezi ukikamilisha siku 30, kisha uitaje wazi kama ulivyofanya hapo juu.

Zoezi
Wewe ni mmiliki wa duka la vitabu. Utalifunga kwa siku nne kuanzia Alhamisi tarehe 24 Desemba 2026 kwa ajili ya sikukuu. Andika tangazo kwa wateja wako. Ukimaliza, mpe mwenzako alisome mara moja, kisha umwulize: "Duka linafunguliwa lini?" Asipojibu "Jumatatu tarehe 28 Desemba" bila kuhesabu, liandike upya.