Barua ya Ofisi ya Serikali: Ijibiwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Barua nyingi zinazotoka katika ofisi za serikali huandikwa kwa Kiingereza. Kwa hivyo wakaazi wengi wa Salama na maeneo jirani hudhani kwamba majibu nayo lazima yawe kwa Kiingereza. Anayekijua kidogo hujikaza, na asiyekijua humlipa mtu wa saiba amwandikie. Wengine huiweka barua juu ya kabati wakisubiri mtoto afike kutoka chuoni aisome, na siku za kujibu zinaisha ikiwa pale pale.

Kisheria, suala la lugha lilitatuliwa tarehe 27 Agosti 2010, siku Katiba ya sasa ilipoidhinishwa rasmi. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa lugha ya taifa tu. Ibara ya 7 ya Katiba ilikiacha kuwa lugha ya taifa, kisha ikakifanya pia lugha rasmi ya Jamhuri pamoja na Kiingereza. Kwa hivyo barua ya Kiswahili iliyofika kwenye meza ya afisa ni barua rasmi, hata kama inajibu barua ya Kiingereza. Kikamba hakimo katika orodha hiyo ya lugha rasmi, ingawa ibara hiyo hiyo inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za jamii zote. Mkaazi anaweza kujieleza ofisini kwa Kikamba, lakini karatasi inayoingia kwenye faili ni vyema iwe katika mojawapo ya lugha mbili rasmi.

Baada ya hapo mkaazi hubaki na swali la ni lugha gani itakayolinda haki yake, na jibu linategemea ni barua gani aliyoletewa. Tuchukue mfano wa notisi ambayo wenye maduka kando ya barabara kuu ya Mombasa wanaweza kuletewa wakati wowote.

Tuseme mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi Salama ameongeza chumba cha stoo nyuma ya duka. Tarehe 3 afisa wa mipango anamletea notisi ya utekelezaji ya kurasa mbili, kwa Kiingereza, inayosema kwamba amejenga bila kibali cha kaunti na kwamba abomoe. Yeye anaamini ana kibali, na karatasi yake anayo nyumbani.

Notisi hii hutolewa chini ya kifungu cha 72 cha Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Asiyeridhika nayo ana siku 14 tangu alipokabidhiwa kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango ya ardhi, na kamati hiyo ina siku 30 za kuisikiliza na kuiamua. Siku ya kukabidhiwa haihesabiwi, kwa hivyo siku ya mwisho ya mama huyu ni tarehe 17. Anayepuuza notisi anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miaka miwili, au adhabu zote mbili. Neno moja lililokaa vibaya katika jibu lake linaweza kumgharimu stoo nzima.

Mama akienda saiba, kijana wa pale anaweza kumwandikia barua ya Kiingereza yenye heshima tele. Itasema kwamba ameikubali notisi, kwamba anaomba radhi kwa usumbufu, na kwamba anaisihi ofisi imfikirie. Mama anatia sahihi akijua kwamba amejitetea. Afisa akiifungua anaona jambo jingine kabisa, kwa maana mama ameandika kwamba anakubaliana na notisi, ameomba msamaha, na hakuna rufaa yoyote.

Makosa hayo matatu hutokea mara nyingi na kila moja lina chanzo chake. La kwanza linatokana na kuchanganya kupokea na kukubali. Katika mazungumzo ya kila siku watu husema wameikubali barua wakimaanisha kwamba imewafikia. Katika barua rasmi, kwa lugha zote mbili, kukubali ni kuafikiana na yaliyomo. Kinachofaa ni kusema tu kwamba notisi imepokelewa, na tarehe iliyopokelewa. Hata usemi wa “nakiri kupokea”, ambao ni sahihi kwa Kiswahili, una hatari yake, kwa sababu mtu anayeutafsiri kwa haraka anaweza kuandika kwamba mwenye barua amekiri kosa. “Nimepokea” inatosha.

Kosa la pili ni la adabu. Kuomba radhi kabla ya kusema jambo ni ustaarabu wetu wa Kiswahili, na hata katika Kikamba mzee hajibiwi kavu kavu. Lakini radhi ikihamia kwenye barua ya Kiingereza inayojibu tuhuma, husomeka kama kukubali kosa. Salamu na neno la heshima vinatosha, na radhi iachiwe mtu aliyekosa kweli.

La tatu ndilo kubwa zaidi. Kwa Kiingereza, neno moja hutumika kwa kukata rufaa na kwa kusihi, na maana hubadilika kulingana na sentensi lilimo. Ndiyo maana barua inaweza kuwa na neno hilo mara tatu na bado isiwe rufaa. Kiswahili kina maneno mawili tofauti. Anayeandika “nakata rufaa” hawezi kueleweka kwamba anabembeleza, na hapa Kiswahili kinamlinda mkaazi kuliko Kiingereza cha kukodi.

Barua ya mama huyu kwa Kiswahili inaweza kuwa fupi hivi:

“KUH: RUFAA DHIDI YA NOTISI YA UTEKELEZAJI, KUMB. NA. (kama ilivyo kwenye notisi), PLOTI NA. (kama ilivyo kwenye notisi). Nimepokea notisi iliyotajwa hapo juu tarehe 3 mwezi huu. Sikubaliani nayo. Nakata rufaa chini ya kifungu cha 72 cha Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Sababu yangu ni kwamba nina kibali cha ujenzi huo, na nakala yake imeambatishwa. Naomba kamati ifutilie mbali notisi hiyo. Naomba pia kuwepo siku rufaa itakaposikilizwa.”

Kumbukumbu namba, namba ya ploti na jina la notisi hunakiliwa herufi kwa herufi kama zilivyochapwa, hata kama ni za Kiingereza. Karani hutafuta faili kwa hizo. Mkaazi akitafsiri kichwa cha notisi kwa maneno yake mwenyewe, barua inaweza kukaa kwenye trei siku kadhaa kwa sababu hakuna aliyejua ni ya faili gani. Kama ofisi ina fomu yake ya rufaa, ijazwe hiyo na barua iambatishwe. Anayetaka kunukuu aya ya notisi aiache katika Kiingereza chake ndani ya alama za kunukuu, kisha aendelee kwa Kiswahili.

Ni kweli pia kwamba karatasi nyingi ndani ya faili ni za Kiingereza. Barua ya Kiswahili ikifika mbele ya wakili au mtaalamu, mara nyingine afisa huifupisha kwa Kiingereza, na katika kufupisha jambo linaweza kupotea. Dawa yake ni sentensi fupi, kila moja ikiwa na jambo moja, kama zilivyo hapo juu. Barua yenye methali na mizunguko ndiyo inayoumia katika tafsiri.

Anayekimudu Kiingereza hana sababu ya kukiacha. Kipimo kizuri ni kuisoma barua kwa sauti kabla ya kutia sahihi na kumweleza mtu mwingine, kwa lugha ya nyumbani, kila sentensi inasema nini. Sentensi ambayo mwenye barua hawezi kuieleza iondolewe, kwa maana siku ya kusikilizwa ataulizwa yeye, na kijana wa saiba hatakuwepo.

Ziko sehemu ambazo uchaguzi huu haupo. Mwenye kuomba zabuni hufuata masharti ya hati za zabuni, na hati za kawaida za ununuzi wa umma nchini hutaka zabuni na mawasiliano yake yote yawe kwa Kiingereza. Mahakamani, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai huruhusu Kiingereza au Kiswahili katika mahakama za chini, lakini Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa hutumia Kiingereza. Mama wa Salama akishindwa mbele ya kamati, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa hoja za kisheria tu. Mahakama hiyo ina hadhi sawa na Mahakama Kuu, na hapo ni busara kumtafuta wakili.

Kwa upande mwingine, kuna sheria zinazotaja Kiswahili waziwazi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi la habari liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, husaidiwa na afisa wa habari: ombi lake la mdomo huandikwa na yeye hupewa nakala. Malalamiko yanayopelekwa Bungeni chini ya sheria ya mwaka 2012 nayo hupokelewa katika lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Mama anaweza kuitumia sheria hiyo ya habari kuomba ripoti ya ukaguzi iliyosababisha notisi. Lakini ofisi ina siku 21 kutoa uamuzi juu ya ombi la habari, na rufaa ina siku 14. Akisubiri ripoti kwanza, muda wa rufaa utakuwa umekwisha. Rufaa itangulie, na ripoti ikifika iongezwe baadaye.

Saa nayo imewahi kuwapotosha watu wengi. Afisa akiandika kwa Kiingereza kwamba atazuru ploti saa 10:00 asubuhi, anamaanisha saa nne ya Kiswahili. Anayejibu kwa Kiswahili kwamba atakuwepo “saa 10” ameahidi kufika alasiri, na huenda afisa akakuta duka limefungwa na akaandika hivyo katika ripoti yake. Inafaa kuandika “saa nne asubuhi” kwa maneno, pamoja na tarehe na siku ya wiki.

Barua, kwa lugha yoyote ile, hupelekwa ikiwa na nakala mbili. Moja hubaki ofisini. Nyingine hugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na mkaazi hurudi nayo nyumbani. Ikitumwa kwa baruapepe, ujumbe uliotumwa usifutwe, na karani apigiwe simu athibitishe kwamba umeingia kwenye faili kabla ya siku ya 14.