Nywila Mbili za Rauta ya Mfukoni

Mwenye stesheneri ya mtaani ananunua bando la wiki siku ya Jumatatu, na kufika Jumatano jioni hawezi hata kupakua fomu ya mteja kwa sababu data imekwisha. Rauta yake ndogo, ile ya kutiwa laini ndani na kubebwa mfukoni, iko palepale mezani inawaka taa. Kisa chake ni cha kawaida. Kuna mteja alimwambia, "Dada, naomba waifai nitume barua pepe moja tu," akatajiwa nywila, naye akamtajia mwenzake. Sasa kijiwe kizima cha ng'ambo ya barabara kinatazama mpira kwa bando la stesheneri.

Dawa yake ni kubadili nywila, na simu ya mkononi inatosha kuifanya kazi hiyo. Ila rauta hii ina nywila mbili, na wengi wanaijua moja. Ya kwanza ni ya waifai, ile anayopewa mgeni ili aunganishwe. Ya pili ni ya ukurasa wa usimamizi, mahali ambapo ile ya kwanza hubadilishwa pamoja na mipangilio mingine yote. Mara nyingi hii ya pili haijaguswa tangu kiwandani. Kwenye rauta nyingi za Huawei za miaka iliyopita, jina la kuingilia ni `admin` na nywila yake ni `admin`. Za ZTE nyingi zinauliza nywila peke yake, nayo ni `admin` vilevile. Maana yake, kijana yeyote wa kijiweni aliyekwisha kuunganishwa na waifai anaweza kufungua ukurasa huo, akabadili nywila, na mwenye rauta ndiye akabaki nje.

Ukurasa wenyewe haupo kwenye intaneti. Umo ndani ya rauta, kwa hiyo unafunguka hata bando likiwa limekwisha. Kuufikia, unganisha simu na waifai ya rauta hiyo, fungua kivinjari, kisha andika anwani yake. Kwa Huawei za mfukoni kama E5573, anwani ni hii:

```
http://192.168.8.1
```

ZTE na TP-Link nyingi hutumia `192.168.0.1`. Anwani sahihi ya kifaa chako imeandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya kifuniko cha nyuma, pengine hadi uitoe betri ndipo ukione. Kama maandishi yamefutika, simu inaijua. Kwenye Android, ingia sehemu ya waifai, gusa jina la mtandao uliounganishwa nao, kisha tafuta mstari wa `Gateway`. Kwenye iPhone mstari huo unaitwa `Router`. Namba iliyo hapo ndiyo anwani yenyewe.

Hapa ndipo wengi hukwama, na kosa mara nyingi ni la simu. Bando la rauta likiwa limekwisha, simu huona kwamba waifai ile haina intaneti, basi kimyakimya inahamia kwenye data ya laini yake yenyewe. Ombi la kufungua `192.168.8.1` linatoka kwa mnara wa simu badala ya kwenda kwenye rauta iliyo hatua moja kutoka hapo, na huko nje hakuna wa kulijibu. Utaona ukurasa unazunguka, unazunguka, kisha unasema umeshindwa. Zima data ya simu, na kama una programu ya VPN izime nayo, halafu jaribu tena. Simu ikiuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. Ukiletewa orodha ya majibu ya Google badala ya ukurasa, ujue kivinjari kimedhani unatafuta kitu. Andika anwani yote, ukianza na `http://`. Onyo la kwamba ukurasa si salama lisikushtue. Linatokana na hiyo `http`, na rauta nyingi za aina hii hazina namna nyingine.

Ukishaingia, anza na nywila ya usimamizi. Kwenye Huawei gusa `Settings`, kisha `System`, kisha `Modify Password`. Andika ya zamani, halafu mpya mara mbili. Menyu hizo zisipoonekana, huenda umeletewa ukurasa uliopunguzwa kwa ajili ya simu. Kwenye Chrome gusa vidoti vitatu vya juu, chagua `Desktop site`, na vyote vitatokea, ingawa itabidi uvute kioo ili usome.

Nywila ya waifai ifuate baadaye, na mpangilio huu una sababu. Ukiibadili hiyo kwanza, simu yako inatupwa nje papo hapo pamoja na wengine wote, na mlango wa usimamizi unabaki na `admin` yake mpaka utakapounganishwa upya. Ingia `WLAN`, sehemu ya mipangilio ya msingi. `SSID` ni jina la mtandao, na `WPA pre-shared key` ndiyo nywila yenyewe. Isipungue herufi 8. Mwisho ni 63. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye bango la duka haifai, maana kijiwe kinaisoma kutoka kule kilipo. Palipoandikwa `Security mode`, chagua `WPA2-PSK`. Ukigusa `Apply`, waifai inakatika. Simu yako itajaribu kurudi kwa nywila ya zamani na kulalamika kwamba imekosewa, basi iambie iusahau mtandao huo, kisha ujiunge upya. Printa inayotumia waifai nayo lazima iandikiwe nywila mpya, jambo ambalo mwenye stesheneri hulikumbuka mteja akiwa tayari amesimama dirishani.

Kuna kitu kingine ndani ya ukurasa huo ambacho naona kingewatia watu wasiwasi kuliko hata bando. Kwa kuwa laini imo ndani ya rauta, meseji zinazotumwa kwa namba hiyo huingia humo, na husomwa kwenye sehemu ya `SMS`. Kama namba hiyo ndiyo uliyosajilia akaunti fulani, msimbo wa kuthibitisha utatua hapo, na aliyeingia kwa `admin` atausoma kama wewe.

Orodha ya vifaa vilivyounganishwa nayo imo humo, na ipo namna ya kukizuia kifaa kimoja kwa anwani yake ya MAC. Kwa maoni yangu usipoteze muda nayo. Simu za sasa, kuanzia Android 10 na iOS 14, zinaweza kujibuni anwani nyingine, na uliyemfungia leo akarudi kesho kwa sura mpya. Kubadili nywila kunawatoa wote kwa mara moja.

Ukisahau nywila ya usimamizi, usibahatishe sana, kwa kuwa rauta nyingi zikikosewa mara kadhaa hujifunga kwa muda. Tafuta kitundu kilichoandikwa `RESET`, chomeka pini na ubonyeze kwa sekunde kadhaa rauta ikiwa imewashwa, mpaka taa zizime na kuwaka upya. Kila kitu kinarudi kama kilivyotoka kiwandani: nywila ya waifai ni ile ya kwenye kibandiko, na mipangilio ya APN uliyoiandika mwenyewe imefutika. Laini ya kampuni tofauti na iliyokuuzia rauta huenda isipate intaneti mpaka uiandike tena, kwa hiyo inakili APN kwenye karatasi kabla hujashika pini, kama bado kuna njia ya kuisoma.