Seli Mpya za Insulini na Gharama ya Kuzilinda

Juni 2025 ilitoka habari iliyosambaa upesi: watu 10 kati ya 12 wenye kisukari cha aina ya kwanza walikuwa wameacha kabisa kujidunga insulini, mwaka mmoja baada ya kuwekewa seli zilizokuzwa maabara. Habari ni ya kweli. Kilichoachwa nyuma ni kwamba wote wanatumia dawa za kushusha kinga ya mwili, na hizo hawawezi kuziacha seli hizo zikabaki hai.

Katika kisukari hiki, kinga ya mgonjwa mwenyewe huziua seli beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini. Seli hizo hukaa kwenye vifungu vidogo viitwavyo visiwa vya Langerhans. Kongosho zima lina visiwa kama milioni moja, lakini vyote kwa pamoja ni asilimia moja au mbili tu ya uzito wake.

Kupandikiza kongosho zima kulianza mwaka 1966 huko Minnesota, Marekani. Ni upasuaji mkubwa, na mara nyingi hufanyiwa mgonjwa ambaye figo zake pia zimekufa. Huyo atameza dawa za kulinda figo mpya maisha yake yote kwa vyovyote vile, hivyo kongosho halimwongezei mzigo huo.

Njia nyepesi zaidi ni kupandikiza visiwa peke yake. Kongosho la mtu aliyefariki hujazwa kimeng'enya, huwekwa kwenye chombo chenye joto kama la mwili na kutikiswa hadi liyeyuke. Fundi wa maabara huchota sampuli kila baada ya muda na kuitia rangi inayogeuza visiwa kuwa vyekundu, apate kuona chini ya hadubini kama vimeachana na nyama iliyobaki. Akichelewa, navyo huvunjika. Vikishasafishwa huingizwa taratibu kwa dripu kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye ini, na huko ndiko vinakojishikiza.

Mwaka 2000 timu ya Dakta James Shapiro huko Edmonton, Kanada, ilitangaza kuwa wagonjwa 7 wameacha insulini kwa njia hii. Lakini kila mmoja alihitaji visiwa takribani 10,000 au zaidi kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60, basi, alihitaji visiwa 600,000, na kongosho moja mara nyingi halitoi idadi hiyo. Ndiyo maana walitumia makongosho ya watu wawili au zaidi kwa mgonjwa mmoja. Kundi hilo lilipokua na kufuatiliwa kwa miaka 5, ni kama mtu mmoja tu kati ya 10 aliyekuwa bado haitaji insulini, ingawa kwa wengi visiwa viliendelea kufanya kazi kidogo.

Seli shina zimetatua uhaba huo. Profesa Douglas Melton wa Harvard, ambaye watoto wake wawili wana ugonjwa huu, alionyesha mwaka 2014 jinsi ya kuzikuza hadi ziwe seli beta kwa wingi. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa tiba ya zimislecel, iliyotumika kwa wale 12. Hawa hawakuwa wagonjwa wa kawaida: sukari yao ilikuwa ikishuka hadi kuhatarisha maisha bila wao kuhisi dalili. Kwa mtu wa namna hiyo naona tiba hii ina maana. Hata hivyo, katika utafiti huo mshiriki mmoja alifariki kwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu wa kriptokokasi. Madaktari wetu wanaujua vizuri ugonjwa huo, kwani huwapata watu ambao kinga yao imeshushwa na VVU. Mtoto anayeendelea vizuri kwa insulini sioni sababu ya kumwingiza kwenye hatari hiyo.

Watafiti wanatafuta namna ya kuzikwepa dawa hizo. Jaribio la kuzifungia seli ndani ya kifuko lilisitishwa mwaka 2025 kwa kuwa insulini iliyotoka ilikuwa kidogo mno. Huko Uppsala, Uswidi, visiwa vilivyobadilishwa jeni ili kinga isivitambue vilidungwa kwenye msuli wa mkono wa mwanamume mmoja. Viliishi na kutoa insulini bila dawa yoyote ya kinga. Dozi ilikuwa ndogo, kwa hiyo aliendelea kujidunga.

Wakati huohuo zipo kliniki zinazouza dripu za "seli shina" kwa dola nyingi, zikiahidi uponyaji. Kabla ya kulipa, uliza kuhusu kipimo cha C-peptaidi. Mwili hutoa C-peptaidi kila unapotengeneza insulini yake, na insulini ya chupa haina. Kama kipimo kilikuwa sifuri na baada ya matibabu kimebaki sifuri, hakuna seli beta iliyoota. Kisha uliza seli hizo zinalindwaje dhidi ya kinga ya mwili. Wakikujibu kwamba hazihitaji ulinzi wowote, usitoe fedha yako, na usimwache mwanao akatishe insulini hata siku moja.