Linki ya malipo imeisha muda: ujumbe uuandikeje?

Mweka hazina wa kikundi chetu hapa Maskati alituonyesha ujumbe kabla hajautuma: "Linki ya juzi imekufa, lipeni haraka kwa hii mpya, mwisho kesho." Si uongo, ila ndivyo matapeli wanavyoandika: haraka, linki ngeni, hakuna jina wala kiasi.

Halafu "kesho" ya nani? Ukiusoma usiku wa manane baada ya zamu, kesho imeshakuwa leo. Na aliyekwisha lipa hajui kama alipe tena.

Tukaurekebisha hivi:

"Asalaam alaykum ndugu zangu. Linki ya mchango wa Novemba niliyotuma tarehe 6 iliisha muda Jumatatu tarehe 10, haifunguki tena. Kiasi ni kilekile, riali 20. Linki mpya: [iweke hapa]. Mwisho ni Ijumaa tarehe 14, saa 2 usiku ya Oman, yaani saa 1 usiku ya Tanzania. Kama ulishalipa na risiti unayo, usilipe tena. Ukiwa na shaka nipigie kwa namba yangu ileile. Mweka hazina."

Kabla ya kutuma, ifungue linki mwenyewe kwenye simu nyingine, uone jina la kikundi na kiasi. Tumeshaona mtu akinakili ile ya zamani! Angalia pia muda uliowekwa kwenye linki yenyewe ulingane na ulioandika, isije ikafungwa saa 6 mchana watu bado wako kazini.