Bei Inapopanda Bila Wanunuzi

Sarafu ya kidijitali yenye thamani ya kati sokoni inaweza kupanda siku tano huku wenye mzigo mkubwa wakiuza taratibu. Kipimo cha OBV, kilichoenezwa na Mmarekani Joseph Granville katika kitabu chake cha 1963 kuhusu soko la hisa, husaidia kuliona hilo. Siku ikifunga bei ikiwa juu kuliko jana, kiasi chote kilichouzwa siku hiyo kinajumlishwa. Ikifunga chini, kinatolewa.

Tuchukue mfano wa kubuni, sarafu ikianzia dola 2.00 na OBV ikiwa sifuri. Siku ya kwanza inafunga 2.40 kwa sarafu milioni 9, kwa hiyo OBV ni 9. Inashuka hadi 2.30 kwa milioni 7, zinabaki 2. Inapanda 2.50 kwa milioni 3: tunapata 5. Inarudi 2.45 kwa milioni 4: inabaki 1. Mwishowe inafika 2.60 kwa milioni 2, na OBV ni 3.

Vilele vya bei vinapanda: 2.40, 2.50, 2.60. Vya OBV vinashuka: 9, 5, 3. Kila mpando umepata wanunuzi wachache zaidi, hivyo kipimo kinaupinga. Kama OBV nayo ingevuka 9, ingeuthibitisha.

Tahadhari ni kwamba baadhi ya masoko hukuza mauzo kwa biashara za kujiuzia mwenyewe. Linganisha OBV ya masoko mawili au matatu. Zikipingana, usiiamini hata moja.